Kijiko cha Tele

Gona alikuwa na hakika: Salmin, mwenzake wa mazoezi, anamwibia. Walichanga nusu kwa nusu wakanunua kopo la kreatini, unga wa kuongeza nguvu za misuli, gramu mia tatu. Gramu tano kila mtu kwa siku, lingetosha mwezi mzima. Kopo lilikuja bila kile kikombe chake cha kupimia, nao hawakulalama. Walitia humo kijiko cha chai kutoka kwa Kache, mke wa Gona, wakaliweka kwenye kabati la jimu pale Kibarani.

Siku ya ishirini na mbili, kopo lilikuwa limebaki na unga wa kufunika chini tu. Gona akapiga hesabu: zilipaswa kubaki gramu themanini. Ah! Kikulacho ki nguoni mwako. Na Salmin ndiye anayesimama kichwani pake kila jioni, akimshikia chuma kisimponde kifua. Mtu wa kumwachia roho yako, naye anakunyang'anya unga!

Hakumuuliza. Alianza kwa kuwaambia wenzake wa jimu, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, hadi wote wakajua. Salmin alipoingia, watu walimpa mgongo.

Salmin akaelewa kuwa anadhaniwa mwizi wa unga. Hakugomba. Alimwambia Gona achukue kopo waende kwa ami yake Abubakr, sonara wa mjini, mwenye mizani ya kupimia dhahabu.

"Kila mmoja achote kama anavyochota siku zote," alisema Abubakr, baada ya kupokea shikamoo zao na kusikiliza kisa chote.

Aliweka karatasi kwenye mizani, akairudisha kwenye sifuri. Salmin akachota, akasawazisha kwa kidole, mfuto. Gramu tatu na nukta nne. Gona akachota kwa mazoea ya nyumbani kwao, ambako kupima bila mlima ni uchoyo. Unga ulisimama juu ya kijiko mpaka ukawa unamwagika. Gramu nane na nukta moja.

Gona aliomba kurudia. Ikatoka nane na ushei.

"Hamna aliyepima tano," sonara alisema. "Kijiko ni cha kukorogea chai, mwanangu, si mizani. Siku ishirini na mbili umekula gramu mia moja sabini na nane. Salmin, sabini na tano."

Gona alihisi uso unawaka. Haki yake ilikuwa mia moja na kumi. Zilizozidi alikula yeye, kwa mkono wake, mbele ya macho ya mwenzake.

"Ulikuwa unaniona?" aliuliza.

"Kila siku. Nikasema una mwili mkubwa, acha ule."

Abubakr aligawa unga uliobaki kwenye vikaratasi, gramu tano tano, vikatimia tisa. Gona akavisukuma vyote kwa Salmin.

Salmin akavirudisha. "Chukua. Mimi kwenye jimu lile siwezi kurudi tena, umeshaniita mwizi. Tafuta mwingine wa kukushikia chuma."