Mkono Haukuchoka

Hakuwa na meza. Hakuwa na taa ya kwake, wala begi, wala viatu vya mvua. Hakuwa na kamusi, mpaka mwalimu mmoja alipomwachia yake iliyotoka jalada. Hakuwa na wa kumwamsha asubuhi ya mtihani. Na baba hakuwa naye, ingawa baba yake alikuwa hai, mzima, ana sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na anakaa mtaa wa pili tu.

Huyo baba ndiye aliyempa jina la Mkaidi. Alimpa siku alipomaliza darasa la saba na kusema anataka kuendelea. Baba alimwambia elimu ya msichana ni kutwanga maji kwenye kinu. Msichana akajibu kwamba yuko tayari kuyatwanga. Basi baba akachukua madaftari yake yote, akayachana moja moja, akawashia jiko. Chai ya siku hiyo ilichemka kwa hesabu za sehemu na insha ya "Siku Nisiyoisahau".

Jioni ile Mkaidi alihamia kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, mshona nguo. Shangazi hakuuliza maswali. Alisogeza vitambaa kwenye kona, akatandika mkeka chini ya meza ya kukatia, akasema, "Hapa ndipo kwako. Ukisikia cherehani inalia, ujue mimi sijalala, na wewe usilale. Soma."

Miaka ikaenda. Mkaidi akawa mwalimu, akaolewa, akafiwa, akarudi darasani na mvi zake mbili tatu, sasa kwa shahada ya uzamili. Aliandika tasnifu juu ya namna watoto wanavyojifunza kusoma katika madarasa yaliyofurika. Kazi ilipokamilika, ukabaki ukurasa mmoja tu, nao ndio uliomsumbua kuliko sura zote tano: ukurasa wa Tabaruku, wa kumtunukia mtu kazi nzima.

Kwanza aliandika beti nane. Profesa aliyemsimamia alizisoma, akavua miwani.

"Mwalimu, hapa umemshukuru mpaka mlinzi wa maktaba."

"Alikuwa ananiachia nikae mpaka anafunga mlango, Profesa."

"Vizuri. Mpeleke kwenye Shukrani. Shukrani ni uwanja, kila mtu ataingia: mimi, wasahihishaji, mlinzi, hata waliokukopesha kalamu. Tabaruku ni chumba cha ndani. Huko huingii na msafara. Ubeti mmoja, katikati ya ukurasa, basi."

Kupunguza beti nane kuwa mmoja ni kazi ya mtu kukata nguo ya sherehe atoe kofia. Mkaidi alikaa na shangazi yake wiki nzima, mmoja kwenye cherehani, mwingine kwenye kiti, wakihesabu kwa vidole. Mizani nane upande huu, nane upande ule. Vina vya kati viitikiane, vya mwisho viitikiane. Shangazi kusoma kulimpiga chenga tangu utotoni, lakini sikio lake lilikuwa kali kama mkasi wake.

"Rudia huo mstari," shangazi akasema. "Umezidi. Umening'inia kama pindo lililofumuka."

Mkaidi akahesabu tena, na kweli, mizani tisa. Ndipo "uliyenishika" ikapunguzwa ikawa "ulonishika", na mstari ukakaa. Mwishowe shairi likawa hili:

*Shangazi ulonishika, giza lilipokithiri,*
*Sindano haikuchoka, ukiniombea kheri,*
*Walimu mlonivika, vazi lisilo dosari,*
*Kazi yangu naiweka, mbele yenu kwa fahari.*

Shangazi alilisikia zima mara moja, akalirudia lote bila kukosea. Tangu hapo alikuwa analisema peke yake akitia uzi kwenye sindano, akidhani hakuna anayemsikia.

Baba naye hakuachwa. Mkaidi alimtaja kwenye Shukrani, ukurasa unaofuata, mstari wa kwanza: "Namshukuru baba yangu kwa kunizaa." Aliona hiyo ni haki yake kamili, haikupunjwa wala kuongezwa.

Wiki ya kukabidhi nakala ilikuwa wiki ya mitihani shuleni kwake, hawezi kutoka. Kaka yake, karani, mtu wa tai na manukato, akajitolea. "Nipe mimi, dada. Nitachapisha, nitajalidi, nitakupelekea mpaka Ofisi ya Shahada za Juu. Wewe saini tu." Mkaidi akasaini kurasa za Ikirari, ile inayosema kazi hii ni yake mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho, akampa kaka kurasa na faili. Akamwombea dua. Hakujua anamwombea fisi aliyepewa bucha.

Jumapili kaka akaita watu nyumbani kwa baba. Walikuja majirani, wakaja wajumbe wa mtaa, na baba akakaa kwenye kochi lake, kanzu imepigwa pasi. Shangazi alikaa karibu na mlango, kwenye kigoda, kwa sababu macho yanamsumbua na hapo kuna mwanga. Kaka akasimama na nakala moja mkononi, jalada jeusi, herufi za dhahabu.

"Nakala nyingine ziko ofisini tayari," alitangaza. "Sasa sikilizeni dada yetu alivyoandika kwenye Tabaruku."

Mkaidi alimtazama shangazi yake. Midomo ya bibi yule ilikuwa imeanza kujongea, tayari kumfuata msomaji.

"*Baba uliyenishika, giza lilipokithiri,*" kaka alisoma kwa madaha. "*Mkono haukuchoka, ukiniombea kheri...*"

Midomo ya shangazi ilisimama.

Watu wakapiga makofi. Baba akatikisa kichwa polepole, akajifuta jicho moja. "Mtoto amekumbuka," alisema. "Wengi husahau."

Na shangazi, kutoka kwenye kigoda chake, akasema kwa sauti ndogo, "Shairi zuri. Vina vimekaa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwasha Mkaidi. Kama shangazi angelia, pengine angemkumbatia na mambo yakaisha. Lakini alisifu vina! Na kweli vilikuwa vimekaa, hapo ndipo palipouma zaidi. Mwizi alikuwa fundi. "Baba uliyenishika", mizani nane. "Mkono haukuchoka", mizani nane. Wao wawili walihangaika wiki nzima kuukata ukweli uenee, na uongo umeingia kama mguu kwenye soksi.

Mkaidi alisimama. "Nani kabadilisha?"

"Dada, tutaongea baadaye. Wageni..."

"Nani kabadilisha, nauliza!"

"Nimekutengenezea," kaka alinong'ona akitabasamu kwa ajili ya wajumbe. "Maneno mawili tu. Heshima ya nyumba. Watu wanasema mzee alimfukuza binti yake. Sasa imeandikwa, imekwisha."

"Baba nimemtaja kwenye Shukrani."

"Nani anasoma Shukrani? Watu wanafungua Tabaruku."

"Ndiyo maana hakuwekwa humo!"

Baba akanguruma kutoka kwenye kochi. "Wewe! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ni baba yako. Bila mimi ungekuwepo?"

"Kunizaa ulinizaa, Baba, na nimekuandikia. Kunishika hukunishika." Akainyooshea kidole nakala ya kaka. "Mkono haukuchoka, hiyo ni kweli. Haukuchoka kuchana. Nilihesabu. Daftari la hesabu, la jiografia, la insha. Ulipofika la mwisho hukuwa hata umehema."

Mjumbe mmoja akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

"Mambo ya zamani hayo," baba alisema.

"Ya zamani yangekaa zamani. Nyinyi ndio mmeyachapisha wiki iliyopita kwa herufi za dhahabu." Akamgeukia kaka. "Nilisaini Ikirari kwamba kila neno ni langu. Umenifanya mwongo kwa saini yangu mwenyewe, halafu unanidai asante?"

Akaichukua ile nakala mkononi mwa kaka. Akamshika shangazi mkono, wakatoka. Nyuma yao baba alikuwa anasema, "Mkaidi ni mkaidi tu," lakini safari hii hapakuwa na aliyecheka.

Jumatatu alipiga simu ofisini. Mama wa mapokezi alikuwa mpole ila kanuni haikuwa yake. Nakala zilizokwisha kupokelewa hazirudishwi kwa mdomo. Aandike barua, aeleze kilichobadilishwa, ukurasa gani na maneno gani, msimamizi atie saini kuridhia. Nakala zitafumuliwa, ukurasa utabadilishwa, zitajalidiwa upya. "Lakini, mwalimu, orodha ya mahafali inafungwa Ijumaa. Ukizitoa sasa, jina lako linaenda mwakani. Ni ukurasa wa Tabaruku tu, hautoi alama. Si uuache?"

Profesa alitia saini karatasi ya kuridhia bila kuuliza mara mbili. "Ningekushauri uvumilie," alisema, "kama ningekuwa mwoga kidogo zaidi."

Shangazi ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa ameshakata kitambaa cha gauni la mahafali, la kwake, bluu iliyokolea. "Mwanangu, nenda ukavae joho lako. Mimi najua, wewe unajua, Mungu anajua. Mwakani ni mbali, na macho yangu haya unayaona. Nitakuja kuona nini mwakani, ukungu?"

Hilo ndilo lililokuwa limemlaza Mkaidi macho wazi. Aliitaka siku ile kwa ajili ya macho hayo kuliko kwa ajili ya joho.

"Shangazi, nisemee shairi."

"La nini sasa?"

"Nisemee."

Bibi akashusha pumzi. "*Shangazi ulonishika...*" Akakwama. Akajaribu tena. "*Baba uli...*" Alipiga goti lake ngumi, mara moja, ngumi ya mtu aliyetulia maisha yake yote. "Wameniingilia mpaka kichwani! Pumbavu zao! Nilikuwa nalo zima, nikishona nalo. Sasa kila nikianza, yule anaingia na kanzu yake."

Mkaidi hakuwahi kumsikia shangazi yake akitukana. Ilimtuliza ajabu.

"Basi?" alimuuliza.

"Basi andika hiyo barua, unangoja nini? Gauni halina miguu, litanisubiri. Na kama sitaona, nitasikia. Mwambie Profesa wako alisome kwa sauti."

Mkaidi aliandika kwenye meza ya kukatia, kati ya chaki na futi. Alieleza ukurasa, akaweka mistari ya uongo juu na ya kweli chini, akaomba nakala zote zifumuliwe. Hakumtaja kaka yake kwa jina wala kwa ubaya. Aliandika tu kwamba maneno hayo si yake na hayakuwa kweli. Alipomaliza akamsomea shangazi mistari ile minne, taratibu, mpaka midomo ya bibi ikamfuata tena bila kukwama.

Shangazi akaikunja barua pamoja na karatasi ya Profesa, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkunjo kama anavyofanya kwenye pindo. Mkaidi akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja. Wakaenda pamoja posta, wameshikana mikono, na mwenye dirisha akaigonga muhuri kwa nguvu na kuitupa kwenye mfuko wa barua za chuo.