Ukiulizwa Unafanya Kazi Gani

Mdogo wangu ana kipaji cha kuua mazungumzo. Mtu anamuuliza, "Wewe unafanya kazi gani?" naye anajibu huku amekunja uso kama anayesoma tangazo la msiba: "Nipo idara ya maji, kitengo cha udhibiti wa upotevu wa maji." Mwenzake husema "ahaa" kisha huikumbuka sahani yake. Wale jeuri huongeza, "Kumbe ndio nyie! Mbona kwetu hayatoki?"

Kwenye harusi ya binamu yetu nikamwona amemkazia macho dada mmoja wa upande wa bibi harusi, mwenye kicheko cha kuishinda spika ya muziki. Kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi. Shoga yake aliyekikalia alikuwa ameitwa kwenye picha.

"Nenda sasa, kabla mwenye kiti hajarudi," nikamwambia.

"Dada, ataniuliza kazi."

"Si umwambie?"

"Ndipo hapo ninapofia."

Mimi nauza mitumba. Nilipoanza nilikuwa nikipiga kelele "karibu nguo, karibu nguo", na watu wananipita kama nguzo ya umeme. Nimelala njaa mpaka akili ikanikaa sawa: usimtangazie mtu meza nzima. Mwonyeshe kifungo kimoja kizuri, unyamaze. Akinyoosha mkono kukigusa, huyo ni wako.

"Achana na kitengo," nikamwambia. "Mwambie unachokifanya wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Halafu nyamaza. Mwachie yeye swali."

Akaenda. Mimi nikajipenyeza meza hiyohiyo, karibu na mjomba, nikainama kufunga kiatu kisicho na kamba.

Hawakumaliza hata salamu. "Na wewe kaka, unafanya kazi gani?"

Mdogo wangu akavuta pumzi. "Mimi... nasikiliza vinavyolia chini ya ardhi."

Akanyamaza, kama nilivyomfundisha. Ila nilisahau kumwambia asitoe macho.

Yule dada akauvuta mkoba wake mapajani. "Wewe ni mganga?"

"Hapana!"

"Maana mambo ya mizimu sitaki, kaka yangu. Mimi nimekuja kula."

Nikampiga mdogo wangu teke chini ya meza. Nikampata mjomba.

Nilidhani sasa atainuka, akajifiche chooni mpaka keki ikatwe. Lakini akaanza kucheka, cheko lake la nyumbani, lile la mabega. "Nisamehe. Dada yangu kaniambia nijieleze kwa mvuto, nimezidisha dozi. Yanayolia ni mabomba ya maji. Asubuhi sana, kabla magari hayajaanza fujo, natembea na fimbo ya chuma. Ncha moja naiweka kwenye koki ya barabarani, nyingine sikioni. Bomba likitoboka chini ya lami, nalisikia."

Mkoba ukarudi mezani. "Linasemaje?"

Jamani, nilitamani kupiga vigelegele hukohuko chini.

"Shiiiii," akasema mdogo wangu. "Bila kupumua. Mtu akifungua maji nyumbani kwake, sauti inakuja, halafu inakatika. Tundu halikatiki. Nahama koki hii, naenda ile, na panapolia zaidi ndipo tunapoanzia kuchimba."

"Na mkichimba mkakosa?"

"Mtaa mzima unatutukana, na watoto wao."

Kile kicheko kikatoka, spika ikatahayari. Mdogo wangu akauliza, "Na wewe je?"

"Mimi nipo hospitali tu," akajibu, akachukua uma.

Lo! Kumbe ugonjwa wanao wote wawili. Nikajiandaa kupiga teke jingine, mjomba akaondoa miguu yake haraka. Lakini mwanafunzi wangu alikuwa ameiva.

"Huko hospitali, unafanya nini kwa mikono yako?"

Uma ukashuka. Akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza nadhani. "Kama ni mikono... mimi pia natumia sikio. Ni mkunga. Naweka pembe ya kusikilizia kwenye tumbo la mama, sikio langu upande wa pili, namtafuta mtoto."

"Unajuaje kama si moyo wa mama?"

"Wa mtoto unakimbia. Halafu namshika mama mkono, nasikia mapigo yake kwa vidole, nalinganisha." Akaushika mkono wa mdogo wangu kumwonyesha. "Wako nao unakimbia," akasema. Mkono hakuuachia.

Mwenye kiti akarudi kutoka kwenye picha, akasimama nyuma yao, akakohoa.

"Shoga, tafuta kiti kingine," mkunga akasema bila kugeuka. "Huyu bado hajaniambia. Haya, na mabomba ya plastiki nayo yanalia?"

"Yanalia, ila kwa kunong'ona. Sauti haifiki mbali. Lazima uwe karibu sana."

Mkunga akasogeza kiti chake.