Kauli ya Kwanza

Winfrida, mwanafunzi wa falsafa kutoka Newala, alikuwa amelazwa hospitali ya Ndanda, akikataa kupasuliwa uvimbe tumboni. Kisu kilimtisha kuliko kifo. Lukmani, aliyesoma naye darasa moja, alimletea maswali ya mitihani iliyopita.

"Tazama hoja hii," Winfrida alisema. "Kauli ya kwanza: jambo asilolihisi mtu haliwezi kuwa baya kwake. Ya pili: aliyekufa hahisi chochote. Hitimisho: kifo si kibaya kwa aliyekufa. Basi niacheni."

"Hitimisho linafuata, Mama Upendo," Lukmani alijibu. " Lakini je, kauli zote ni za kweli? Toa pingamizi."

Winfrida alimfikiria mwanawe Upendo, aliyemwacha kwa bibi.

"Ya kwanza ina kasoro," alisema polepole. "Mtu anaweza kusalitiwa asijue kamwe, na bado ametendewa ubaya. Nami nikifa nitakosa kumwona Upendo akikua, hata kama sitahisi."

Hapo hofu mpya ilimshika, kubwa kuliko ile ya kisu. Akamwita muuguzi.

"Dada, nimekubali. Nipelekeni haraka."

Akatia saini fomu ya kukubali upasuaji. Jioni alizinduka akiwa na maumivu makali, akamshika Lukmani mkono, asiuachie.