Jaribio la Mkono wa Kushoto

Kiwandani kwetu wakataji ndio waliokuwa wakubwa, na mume wangu alikuwa mkubwa wao. Miaka kumi na minne alikata vitambaa vya mashati hadi wakamwita Mkasi. Mimi nilikuwa naunga mikono ya mashati hayo, kazi iliyodharauliwa kuliko zote, na hakukosa la kunitania.

Siku moja likabandikwa tangazo: mashine ya kukata inakuja. Wakataji wanane wachague: washuke kwenye kushona mikono kwa mshahara wa mwanafunzi, au wabaki kuihudumia mashine.

"Baba, njoo kwetu," nilimbembeleza. "Kitambaa kilicholala mezani mashine inakiweza. Kinachoteleza vidoleni bado kinaishinda."

"Nikae kwenye cherehani ubavuni mwa mke wangu? Nitaonekanaje? Anayeijua mashine ndiye atakayebaki."

Yalikuwa maneno yenye akili, na hilo ndilo linaloniuma. Nilinuna siku mbili, kisha nikaliacha. Laiti ningaling'ang'ania.

Mashine ilipofika, wote wanane waliihudumia kama bibi harusi. Miezi mitatu haikuisha, ikabainika inahitaji watu wawili tu: mmoja wa kutandaza kitambaa, mwingine wa kuokota vipande. Wakabakizwa vijana wawili. Mkasi akarudi nyumbani mchana na aproni yake kwenye mfuko wa plastiki, na watoto wakamuuliza kama ni sikukuu.

Nafasi moja ikatokea kwenye mikono. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa laini, ile safu ya washonaji wa mikono, kwa hiyo jaribio lilikuwa langu: shona mkono mmoja, wa kushoto. Msimamizi alijua fika yule wa nne kwenye foleni ni mume wangu. Alinipa kalamu hivyo hivyo, akasimama nyuma yangu.

Mkono wa shati hukatwa ukiwa mrefu kidogo kuliko tundu unaloingia, kama upana wa kidole. Ziada hiyo unailisha polepole kwa vidole, ikamezwa bila kuonekana. Mume wangu alikuwa ameikata ziada hiyo mara elfu kwa elfu, hajawahi kuilisha hata mara moja. Alishona vizuri mpaka karibu na mwisho, kitambaa kikajikunja. Akasita. Kisha mkono wake ukachukua mkasi, bila hata yeye kuutuma, ukapunguza kile kilichozidi.

Shati likavuta begani. Lilikuwa limeharibika.

"Nimekata?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Umekata, baba."

Nilitamani kulia. Nyuma yake walikuwa wamekaa wanawake sita wakisubiri zamu, na msimamizi alikuwa akihesabu dakika.

"Basi andika, mama watoto. Usipoteze na kazi yako."

Nikaandika: hafai. Akainuka, akafuta kiti kwa kiganja, nami nikamwita anayefuata.