Skrepa za Mlango wa Nyuma

Kiwandani walimwita Mkasi, na hata mumewe siku hizi alimwita hivyo. Miaka kumi na saba alisimamia idara ya ukataji katika kiwanda cha sufuria. Mabati ya alumini yaliingia kwake mapana, yakatoka duara duara kwenda kwenye mashine ya kukandamiza. Kilichobaki, zile pembe na vipande vya kati ya duara na duara, kilitupwa kwenye kreti nyuma ya karakana.

Mhasibu mkuu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Kazi ile aliipata kupitia Mkasi. Yeye ndiye aliyempelekea mkurugenzi barua yake mkononi na kusema, "Huyu namjua, anakula kwangu."

Kwa hiyo kikao kile kilimkata maini. Kiwanda kilikuwa kimeshindwa zabuni ya sufuria za hospitali. Wao waliomba elfu moja na thelathini na nne kwa sufuria, washindani wakachukua kwa mia tisa na tisini. Mkurugenzi akauliza kuna nini. Shemeji mtu akasimama, akarekebisha tai.

"Gharama yetu ya sufuria moja ni mia tisa na arobaini. Tukiongeza asilimia kumi ya faida, ndiyo hiyo bei tuliyoomba. Tatizo liko kwenye ukataji. Bati linapotea pale."

"Linapotea vipi?" Mkasi aliuliza. "Kwa sufuria moja nakata bati la kilo moja na nusu, inabaki gramu mia tatu. Ni kiwango kilekile cha miaka yote."

"Shemeji, hapa si nyumbani," alijibu bila kumtazama. "Hapa tunazungumza namba."

Wiki iliyofuata wakataji wanne waliachishwa kazi. Mkasi mwenyewe alipelekwa mlango wa nyuma, kwenye mizani, apime mizigo inayotoka. Siku hiyohiyo mhasibu alisifiwa kwa kukuza mapato mengine ya kampuni, yale yasiyotokana na kuuza sufuria. Mkataba wake ulimpa asilimia tano ya mapato hayo kama bonasi, na watu wakampigia makofi.

Mkasi hakulia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mizani, akaanza kuhesabu siku.

Kila Ijumaa lori la mnunuzi wa skrepa liliingia. Likapakia kreti zilezile za mabaki, naye akapima na kuandika kwenye daftari: tarehe, kilo, bei. Mia mbili kwa kilo. Ijumaa ya tatu kalamu ilisimama hewani. Hizi si ndizo zile gramu zake mia tatu anazodaiwa kuzipoteza? Mbona zinalipwa?

Jumatatu, wakati wa chai, alimfuata karani wa mapokezi ya fedha, mama mmoja mpole aliyekuwa akiogopa hata kivuli chake.

"Mwenzangu, hela ya skrepa unaiandika wapi?"

"Mapato mengine."

"Tangu lini? Zamani si ilikuwa inapunguzwa kwenye gharama ya bati?"

Karani alitazama mlango kwanza. "Tangu shemeji yako alipokuja. Nilimuuliza. Akaniambia niandike ninavyoambiwa."

Mkasi alirudi kwenye mizani, akapiga hesabu nyuma ya daftari. Gramu mia tatu kwa bei ya mia mbili kwa kilo ni sitini. Mia tisa na arobaini ukitoa sitini, mia nane na themanini. Ongeza asilimia kumi, unapata mia tisa na sitini na nane. Kwa bei hiyo zabuni ile wangeichukua asubuhi na mapema. Bati halikupotea popote. Liliuzwa, hela yake ikaingizwa mahali ambapo shemeji alipata fungu lake, na gharama yote ikaachwa kwenye shingo ya wakataji.

Alijua pa kwenda. Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa hatua hamsini. Alinyanyuka, kisha akaketi tena. Akisema leo, ataitwa pembeni, ataambiwa ni kosa la kuandika, litarekebishwa kimyakimya, na shemeji ataendelea kutembea na tai yake. Hapana. Yeye alivuliwa nguo mbele ya watu. Na huyu avuliwe mbele ya watu.

Alisubiri miezi mitatu. Katika miezi hiyo, wakataji wengine wawili walipunguzwa ili "kubana gharama". Mkasi aliwaona wakipita mlango wake na mabegi yao. Akainamia daftari.

Mwisho wa mwaka mkaguzi wa nje alikuja kuhesabu mali. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Alisimama ghalani pamoja na mkurugenzi, mhasibu na wakuu wa idara zote, mbele ya sufuria elfu sita ambazo hazijauzwa. Mkasi aliitwa kuleta daftari la mizigo iliyotoka.

"Hizi mmezithamini mia tisa na arobaini kila moja," mkaguzi alisema. "Gharama hiyo imepatikanaje?"

"Bati, vibarua, umeme, na gharama nyingine za karakana," mhasibu alijibu.

"Na skrepa?" Mkasi aliuliza kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Mwambie skrepa zinakwenda wapi, shemeji. Hapa si nyumbani. Tunazungumza namba."

Mkasi akamkabidhi mkaguzi daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa wa hesabu. Mkaguzi alisoma taratibu, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Mnaziandika mapato mengine?"

"Faida ni ileile," mhasibu alisema. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. "Uiongeze juu, uipunguze chini, mwisho wa siku ni ileile."

"Ingekuwa ileile kama mzigo wote ungeshauzwa. Huu hapa haujauzwa. Hela ya skrepa inayotokana na uzalishaji inapunguza gharama ya uzalishaji. Sufuria hizi zimepandishwa sitini kila moja. Mara elfu sita, ni laki tatu na sitini elfu za faida ambayo bado hamjaipata."

Mkurugenzi hakumwangalia mkaguzi. Alimwangalia mhasibu. "Na zabuni nayo niliipoteza kwa hizo sitini?"

Mkasi alikuwa karibu vya kutosha kuona tai ya mhasibu ikipanda na kushuka kooni. Raha aliyoisikia ilikuwa kama maji baridi. Hakuificha. Alitabasamu mpaka meno yakaonekana, na akahakikisha shemeji ameyaona.

Mhasibu alifukuzwa, akatakiwa kurudisha bonasi zote. Jumapili mdogo wake Mkasi alikuja, hakukaa.

"Dada, ungeniambia mimi kwanza. Ningemlazimisha arekebishe."

"Aliponitupa mlango wa nyuma alikuambia?"

"Mimi sikukutupa. Watoto wangu hawakukutupa." Alipangusa macho kwa kiganja, akaondoka. Mkasi alifunga mlango. Hakumfuata.

Alirudishwa idara ya ukataji, na wakataji wote sita wakaitwa. Watano walikuja. Wa sita alikuwa ameshapata kibarua kwingine, lakini alipita kuchukua ovaroli yake.

"Wanasema ulikuwa na hesabu ile kwenye daftari," alimwambia Mkasi. "Tangu lini?"

Angeweza kudanganya. "Wiki tano kabla hujaondolewa."

"Kwa hiyo nilipopita pale mlangoni, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mwanamume yule alikunja ovaroli mara mbili, akaiweka kwapani. Nyumba aliyopanga ilikuwa imeshamtoka, na hakusema hilo. Mkasi alilisikia baadaye kwa wengine. Mwanamume yule alisema tu, "Basi wewe na shemeji yako mmefanana," akatoka.

Mkasi aliwasha mashine. Bati likaingia, duara likaanguka, pembe zikabaki mkononi. Alizitupa kwenye kreti kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akavuta bati jingine.