Uso wa Hasna

Mama yangu, Fatumo, anapenda mke wa mtu awe mnene. Wifi yangu Hasna alipofikisha miezi minane ya mimba na uso ukamjaa, mama alizunguka kijiji chetu cha Hadado kizima akijisifu kwamba ni maziwa ya ngamia wake. Majirani wakasema mashallah. Hata mimi nilisema, na hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi ile Hasna alishindwa kuamka. Kichwa kilikuwa kinampasuka tangu jana, na panadol haikufua dafu. Mama akamletea maziwa. Mdomo wa kibuyu alikuwa ameuziba kwa karatasi niliyoijua: ile Hasna aliyopewa kliniki. Nikaichomoa kwa hasira, nikaisoma.

"Ukiona dalili hata moja, nenda hospitali mara moja. Usingoje siku ya kliniki." Kutokwa na damu. Chupa kupasuka. Homa kali. Mtoto kupunguza kucheza. Kisha picha ya mwanamke aliyevimba uso na mikono, ameshika kichwa.

"Abaayo, dada yangu, unaona vizuri?" nikamwuliza Hasna.

"Naona vimulimuli tu, Saado."

Nikamwambia mama twende hospitali sasa hivi. Mama akasema, "Tumngoje mumewe. Huko wanapasua watu. Salad akirudi nitamjibu nini?"

Kaka yangu Salad alikuwa malishoni, simu haipatikani tangu juzi. Nikamwekea mama picha mbele ya macho. "Hooyo, kusoma hujui, lakini nyuso unazijua. Huyu ni nani?"

Akaitazama, akamtazama Hasna. Akabonyeza mguu wa Hasna kwa kidole; shimo likabaki pale pale. Mama alitoka akamfunga punda kwenye mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe.

Kwenye zahanati, muuguzi alipima presha: mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Mkojo ulikuwa na protini. "Hiki ni kifafa cha mimba kinabisha hodi," akasema. Akamdunga sindano za kuzuia degedege, akampa dawa ya presha, akaita ambulensi ya kwenda Wajir. Akatuonya kwamba huenda akafanyiwa upasuaji.

Mama akamshika muuguzi mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Daktari, beleka yeye haraka. Bwana yake, mimi tajibu."

"Mimi mwenyewe nimekubali," Hasna akasema kwa sauti ndogo.

Njia nzima niliogopa kumtazama, nikaogopa pia kuacha kumtazama. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, msichana mdogo mwenye kelele. Siku ya tano uvimbe wa Hasna ulikuwa umepungua, mashavu yakarudi membamba kama alipoolewa. Mama aliyaona, akajifunika shela akalia.

Karatasi ile hakuirudisha kwenye kibuyu. Hutembea nayo, imeanza kuchanika. Siku hizi akikutana na mjamzito aliyenawiri, hasemi mashallah kwanza. Humshika mkono, akamwuliza, "Kichwa je?"