Namba Mpya ya Fundi Cherehani

Nilibadili namba ili nimkwepe shangazi mmoja tu, mteja ninayempiga danadana kuhusu gauni lake, mwezi wa nane sasa. Lakini vipimo vya wateja wote vimo kwenye meseji zangu. Nivipoteze nina wazimu? Binti yangu akachukua simu, akaingia Watsapu, akabonyeza "Badilisha namba". Meseji zikabaki zote, hadi kiuno cha mwalimu mkuu.

"Mama, niwajulishe watu wako?"

"Wote!" nikajibu, kwa raha zangu.

Dakika haikuisha, meseji ikaingia. Shangazi!

"Hongera kwa namba mpya, mwanangu. Gauni limefikia wapi?"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikanyanyuka kitini, maana kitambaa chake nilikuwa nimekikalia.